Nikisema "Hawapo" Wenzangu Wanasikia "Wapo"

*Shikamoo Mjomba.*

*Mimi ni kijana wa miaka 19, niko Tanga, nasubiri kwenda chuo. Jioni nacheza Valorant, gemu la kurushiana risasi la watano kwa watano, na binamu yangu na rafiki zake watatu, tunaongea kwa Discord. Kompyuta ni ya mezani, iko sebuleni, ni ya dada yangu. Mchana anaitumia kwa masomo ya mtandaoni, na kamera yake inakaa juu ya skrini.*

*Wiki mbili zilizopita binamu aliniambia, kwa kunionea huruma, kwamba wenzetu huwa wananizima sauti mechi ikianza tu. Wanasema nasikika kama niko ndani ya pipa, feni inavuma, na siku moja wote walimsikia mama akinigombeza kwa sababu ya vyombo. Kibaya zaidi, kuna mechi nilikuwa nalinda B, moja ya sehemu ambazo wapinzani wanaweza kutega bomu, nikasema "hawapo B", wawili wakaacha A wakakimbilia kwangu. Wapinzani wakatega A, tukapoteza. Nikaambiwa mimi ni mwongo.*

*Hedseti niliinunua kwa pesa ya kibarua, na kwenye simu inafanya kazi vizuri kabisa, kwa hiyo si mbovu. Binamu alinishauri niongeze Microphone Boost hadi mwisho. Nimeongeza, mambo yamezidi kuharibika. Je, ninunue hedseti nyingine? Niache kuongea, nicheze kimya? Au nitafute timu nyingine, maana naona hawa hawanipendi?*

*Wako, Sauti ya Pipa*

Mjomba anajibu

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye jambo ulilolipita haraka: kwamba hedseti kwenye simu inafanya kazi vizuri. Wewe umelitumia kuonyesha kwamba kifaa ni kizima, na hapo sina ubishi. Ila mimi nilipolisoma nilijiuliza kama maiki ya hiyo hedseti imewahi kutumika kwenye kompyuta ya dada yako hata siku moja.

Ichomoe, uitazame pini yake kwenye mwanga. Ukiona ni pini moja yenye pete nyeusi tatu, ujue zile pete zimeigawa sehemu nne: sikio la kushoto, sikio la kulia, waya wa pamoja, na maiki. Tundu la simu, kwa simu zenye tundu, limetengenezwa kupokea sehemu zote nne. Kompyuta nyingi za mezani kwa nyuma zina matundu mawili yaliyotengana, la kijani la kutoa sauti na la waridi la kupokea maiki, na kila moja linategemea pini yenye pete mbili tu. Ukichomeka ya kwako kwenye la kijani, gemu utalisikia masikio yote mawili, safi kabisa, wala hutashuku kitu. Maiki ndiyo inayobaki bila pa kupitia.

Hapo kompyuta haikwambii kwamba maiki haipo. Inatafuta nyingine yoyote iliyo karibu na kuitumia kimyakimya, na nyumbani kwenu nyingine ipo: ile iliyomo ndani ya kamera ya dada, juu ya skrini, umbali wa mkono mzima kutoka mdomoni mwako. Ikiwa ni hivyo, kila kitu ulichoandika kinajieleza. Maiki iliyo mbali inapokea sauti yako pamoja na mwangwi wa kuta za sebule, na mwangwi huo ndio "pipa" lenyewe. Feni inasikika kwa sababu huenda iko karibu na kamera kuliko ulivyo wewe. Na mama hakuhitaji kupaza sauti ili timu nzima imsikie.

Lakini mimi niko mbali na sebule yenu, kwa hiyo usiniamini kwa maneno. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike hivi kisha ubonyeze Enter:

```
mmsys.cpl
```

Kitafunguka kidirisha cha sauti. Nenda kwenye Recording. Utaona orodha ya maiki zote ambazo kompyuta inazijua, na pembeni ya kila moja mistari midogo inayopanda kwa kijani ikisikia kitu. Sasa usiongee. Chukua ukucha, ugonge taratibu kile kimkono cha maiki cha hedseti, tk tk tk, huku macho yako yako kwenye mistari. Kisha ugonge kamera vivyo hivyo. Ikiwa hakuna mstari hata mmoja unaoruka ukigonga hedseti, ila mmoja unaruka ukigonga kamera, basi maiki ya kamera ndiyo inayokupeleka hewani kila jioni. Kuongea hakutoshi kwa jaribio hili, kwa sababu ukiongea maiki zote mbili zitakusikia na utabaki na swali lako. Ukucha hausemi uongo.

Ikithibitika hivyo, kabla hujawaza hedseti mpya, kuna kiadapta kidogo ambacho ni bei rahisi sana ukilinganisha na hedseti. Upande mmoja kina tundu moja la kuchomeka pini yako, upande wa pili kina waya mbili zenye pini mbili, moja ya kijani au yenye alama ya hedifoni, nyingine ya waridi au yenye alama ya maiki. Angalia sana unapokinunua, kwa sababu hapa wengi hupigwa chenga. Kuna kingine kinachofanana nacho kama pacha, ambacho kina pini moja na matundu mawili, kazi yake ni kuwawezesha watu wawili kusikiliza simu moja. Muuzaji asiyejua atakupa hicho, na ukifika nyumbani maiki itabaki bubu. Hesabu pete: unachotaka kina pini mbili, kila moja ina pete mbili. Zipo pia kadi ndogo za sauti za USB zenye tundu lake la maiki, nazo zinasaidia hasa kama tundu la waridi la kompyuta limekufa. Na kama hedseti yako ni ya USB moja kwa moja, basi nimekosea mlango. Kwako litakuwa suala la kuchagua jina lake kwenye Discord, User Settings, Voice & Video, palipoandikwa Input Device, badala ya kuacha Default. Hata mwenye kiadapta na apite hapo kuhakikisha.

Tuje kwenye ushauri wa binamu wa kuongeza Microphone Boost. Alikutakia mema, na ukisikika kwa mbali ni kweli mtu hufikiria kuongeza. Ila Boost haijui ipi ni sauti yako na ipi ni ya feni. Inakuza vyote. Ikiwa kwenye +20 dB inakuza mawimbi ya umeme ya maiki mara 10, na kwenye +30 dB ni kama mara 32. Kwa maiki iliyo mbali, hiyo ni kama kuwawekea feni na jogoo wa jirani kipaza sauti cha msikitini. Ukishahamia kwenye maiki ya hedseti, rudi kwenye kile kidirisha, bonyeza maiki mara mbili, ingia Levels, ushushe Boost hadi 0, kisha uiache sauti ya kawaida karibu 80. Ikionekana kweli ni ndogo, panda hatua moja, +10, basi.

Kinachofanya kazi kuliko Boost ni umbali. Ukisogeza maiki ikawa nusu ya umbali wa mwanzo, sauti yako inaingia na nguvu karibu mara mbili, na ya feni inabaki palepale. Iweke vidole viwili au vitatu kutoka kwenye pembe ya mdomo, pembeni kidogo, isitazamane na midomo yako. Ikitazamana nayo kila "p" na "b" itapiga kama kofi. Bonyeza Let's Check kwenye Discord, useme "pipa la papai bovu" mara tatu kwa sauti ileile unayotumia ukishikwa na joto la mechi, na wengi hapa hujidanganya kwa kujijaribu kwa upole wa kusoma Kurani au kuhutubia kanisani. Ukisikia mivumo kwenye p, isogeze maiki ielekee shavuni. Ukisikia sauti inakwaruza mwishoni mwa neno, punguza Levels.

Hayo yote ni nusu ya barua yako. Nusu ya pili ni ile raundi ya B, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichague barua hii kati ya zilizokuja.

Wenzako walisema wewe ni mwongo. Wewe unajua ulisema "hawapo". Mimi nadhani nyote mnasema kweli. Discord yako ikiwa kwenye Voice Activity, hairushi sauti muda wote. Inakaa na mlango umefungwa, ikisubiri sauti ifike kiwango fulani ndipo ifungue. Wewe ulikuwa umekuza kila kitu, ukaona feni inafungua mlango yenyewe, nakisia kuna siku ulipandisha kile kiwango ili feni isipite. Sasa mlango mzito unahitaji sauti kubwa kuufungua, na silabi "ha" ni pumzi tu, haina kishindo. Mlango unafunguka ikiwa imeshapita. Kinachotoka upande wa pili ni "...wapo B".

Tazama lugha yetu ilivyo: anayeongea Kiingereza akikatwa mwanzo wa "nobody B" atasikika "body B", wenzake watamuuliza amesemaje. Sisi mara nyingi tunabeba kukanusha mwanzoni mwa neno. Hawapo, wapo. Hayupo, yupo. Hajapita, na yule aliyesikia "...japita" naye atajaziliza kwa alichokitarajia. Likikatwa, linalobaki ni neno kamili lenye maana ya kinyume, na hakuna wa kushuku. Nina chumba kidogo cha gemu, mashine sita, na ugomvi wa namna hii nimeuamua si mara moja, vijana wawili wameshikana mashati, mmoja akiapa amesema na mwenzake akiapa hakusema. Wala haliishii kwenye Voice Activity. Anayetumia kitufe naye, akianza kuongea kabla kidole hakijafika chini, anakata silabi ileile.

Dawa yake iko kwenye mpangilio wa sentensi. Tanguliza mahali, ndipo useme habari: "B, hakuna mtu." "B, wawili, wanakuja." Mahali pakikatika nusu, habari itabaki. Na neno la kukanusha libadilishe kabisa, lisitegemee silabi moja. Vijana wangu wanasema "B tupu" au "B safi". Hakuna namna ya kukata "tupu" ikawa "wamejaa". Mkubaliane ninyi watano, neno moja, mlitumie hilohilo kila siku.

Kuhusu mlango wenyewe, una njia kama tatu, na kila moja ina bei yake.

Unaweza kubaki kwenye Voice Activity lakini ukirekebisha. Maiki ikishakuwa karibu na Boost imeshuka, feni haitakuwa na nguvu ya kufungua mlango, kwa hiyo kile kiwango cha Input Sensitivity unaweza kukishusha hadi pumzi ya "ha" ipite. Noise Suppression ya Krisp, iliyomo ndani ya Discord, nayo inasafisha mvumo wa feni vizuri sana, kwa kuwa ni sauti isiyobadilika. Hatari yake ni kwamba Krisp haitamzuia mama. Kazi yake ni kutofautisha sauti ya binadamu na kelele, na mama ni binadamu. Hapa ningependa ulifikirie jambo ambalo barua yako haikuligusa. Wewe umeona aibu kwa kuwa umegombezwa mbele za watu. Yeye je? Alikuwa kwake, sebuleni kwake, akiongea na mwanawe, hakujua kwamba vijana wanne wanamsikiliza. Sidhani aliridhia hilo, na sidhani kuna aliyemuuliza.

Njia ya pili ni Push to Talk: sauti inatoka tu ukiwa umeshika kitufe. Mama, feni, jogoo, kibodi yako, vyote vinabaki Tanga. Bei yake iko kwenye vidole. Ndani ya Valorant kitufe cha kuongea na timu kwa kawaida ni V, na ukikibonyeza kwa kidole cha shahada, kidole hicho kinaacha D, huwezi kukwepa kulia ukiwa unaongea. Ndiyo maana wengi huhamishia kwenye kitufe cha pembeni cha mausi, pale dole gumba linapolala. Kama mausi ya dada yako haina kitufe hicho, jaribu V kwa dole gumba la kushoto, utazoea baada ya siku chache za kukosea. Kisha kwenye Discord tafuta Push to Talk Release Delay. Kwa kawaida huwa chini kabisa, maana yake ukiachia kitufe sauti inakatwa papo hapo, na silabi ya mwisho inakwenda nayo. Iweke karibu 200 ms, sehemu moja ya tano ya sekunde. Hiyo inalinda mkia wa neno. Kichwa chake hakilindwi na mpangilio wowote, ni wewe mwenyewe: bonyeza, vuta pumzi kidogo, sema.

Ya tatu ni hiyo uliyoitaja, kucheza kimya. Usidhani nitakucheka. Valorant ina alama za kuonyesha mahali kwenye ramani, na mtu mkimya anayeweka alama kwa wakati ana faida kuliko anayepayuka. Ila alama haisemi "tupu", haisemi "nimemjeruhi, amebakiza kidogo", na kwenye kundi la watano wanaojuana, kimya cha mmoja huwa na tafsiri yake. Ukiichagua kwa sababu sebule ina wageni, sawa. Ukiichagua kwa sababu umeudhika, wao hawatajua tofauti.

Nimetaja V ya ndani ya gemu, na hapo pana mtego mdogo. Siku mkiwa watatu, wawili wengine ni wageni mliopangiwa. Ninyi mko Discord mnacheka na kupeana habari, wale wawili hawasikii lolote, wanaona tu watu wanahama. Kuna wanaojaribu kuwa wema kwa kuweka kitufe kimoja kwa Discord na kwa gemu, ili wasikike kote. Matokeo yake rafiki zao wanawasikia mara mbili, ya pili imechelewa kidogo, kichwa kinauma. Mkiwa na wageni ni afadhali Discord mkaifunga, wote mkaongea kwenye sauti ya timu, kwa lugha ambayo wale nao wanaielewa, maneno machache tu ya mahali na idadi. Na mkisikia mwangwi, kila mtu anasikia sauti yake ikimrudia, mwenye kosa ni yule asiyesikia ya kwake: hedifoni zake ziko juu mno hadi maiki yake inazisikia, au anatumia spika.

Sasa niseme kidogo kuhusu wakati wa kunyamaza, kwa kuwa maiki ikishapona watakusikia vizuri, yakiwemo yale ambayo hapo mwanzo feni ilikufunikia. Gemu hili linachezwa kwa masikio. Nyayo ndizo zinazokwambia adui yuko upande gani wa ukuta. Chukua raundi: spike, yaani lile bomu, imetegwa A, ina sekunde 45 kabla ya kulipuka. Wewe umekufa, wenzako watatu wamekufa, binamu amebaki peke yake. Kuitegua kunachukua sekunde 7. Anahitaji kujua kama aliyebaki yuko kushoto au kulia, na atalijua hilo kwa nyayo mbili au tatu nyepesi tu. Sentensi yako moja, "yuko nyuma ya jenereta, nimemjeruhi", ni mali. Sentensi ya pili, "ungepitia kule kwingine", imekaa juu ya nyayo zilezile anazozitafuta. Aliyekufa ana habari moja ya kutoa, aitoe, kisha aachie kitufe.

Lawama, kicheko na "kwa nini hukunisaidia" vina mahali pake: zile sekunde 30 za kununua silaha kabla ya raundi. Hapo hakuna nyayo. Nilipokuwa na mashine mbili tu, niliwahi kumpoteza mteja mzuri kwa kumwelekeza sana mwishoni mwa raundi, nikidhani namfundisha. Alivua hedifoni akaziweka mezani, akalipa, akaondoka. Mimi ndiye nilikuwa naharibu.

Nabaki na lile la kwamba hawakupendi. Ninachojua ni kwamba walikuzima na hawakukwambia. Kukuzima, kwa sauti uliyoieleza, hata mimi ningeshawishika. Kutokwambia ni jambo jingine, na una haki ya kuumia. Lakini jiulize pia: wangekwambiaje? Ni rafiki wa binamu, wewe ni mgeni kwao, na kumwambia mtu "sauti yako inatukera" ni kama kumwambia ana harufu. Wengi hukwepa. Yule aliyekwambia ni binamu, tena baada ya muda. Huenda ni hivyo tu, huenda kweli kuna mmoja asiyekutaka. Kwa sasa huwezi kuvitenganisha, kwa sababu maiki mbovu na kutopendwa vinazaa matokeo yaleyale.

Ukihama timu leo, utahama na kamera ya dada. Ukibaki ukarekebisha, na wiki ya pili bado wanakuzima, hapo utakuwa umejua kitu ambacho leo hukijui, na utaamua ukiwa na macho mawili. Kuwaeleza au kutowaeleza habari ya "wapo" ni uamuzi wako. Ukiieleza mapema mno, kabla hujathibitisha, itasikika kama kisingizio. Ukikaa nayo moyoni, ile "mwongo" itaendelea kukuwasha. Binamu anaweza kuwa mlango mzuri wa kuipitishia, kama mnaelewana.

Naye huyohuyo ndiye wa kukusaidia kupima. Mwombe jioni moja, nje ya mechi, muingie Discord wawili tu, feni iwe imewashwa kama kawaida. Andika sentensi kumi kwenye karatasi, tano za "hawapo" na tano za "wapo", uzichanganye, umsomee kwa kasi ya mechini. Yeye aandike anachosikia, asikuulize, asikisie. Kisha mlinganishe karatasi. Kumi kwa kumi, umemaliza. Tisa, uiangalie ile moja ilikosewa upande gani: kama "hawapo" imegeuka "wapo", kiwango cha Input Sensitivity bado kiko juu, au kidole chako kinachelewa. Rekebisha kimoja tu, umsomee tena.